Programu Yako ya Kitambo Inakaa Ukungu Kwa Laptopu Mpya? Usikimbilie Fundi, Soma Hii Kwanza

Umenunua laptopu safi, skrini kali, picha za harusi zinaonekana mpaka unaweza kuhesabu shanga za bibi harusi. Halafu unafungua ile programu ya stoki ambayo duka limetumia tangu enzi za Windows XP, na maandishi yanakaa kama yameandikwa kwa kioo cha bafu lenye mvuke. Nambari 3 inafanana na 8. Nambari 5 inafanana na 6. Kwa programu ya bei na madeni, hiyo si shida ya urembo, hiyo ni pesa yako.

Fundi wa kwanza atakwambia skrini imeharibika. Wa pili atataka kufomati mashine. Tulia, usitoe chapaa bado. Skrini iko fiti na programu pia iko fiti. Shida iko katikati yao: Windows inachukua dirisha la hiyo programu na kulivuta ili likue, na kuvuta huko ndiko kunaleta ukungu. Kuna mahali pa kuiambia Windows ivute kwa njia nyingine, ama iache kabisa, na mahali hapo hapahitaji programu ya kununua wala kudaunilodi.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni huu

Angalia vitu vingine kwa skrini. Je, saa iliyo kwenye kona ya chini iko wazi? Mshale wa mausi uko wazi? Ukifungua kivinjari cha intaneti, maandishi yamekatika vizuri? Kama hivyo vyote viko poa na ni programu moja tu inayokaa ukungu, basi uko mahali pazuri, endelea kusoma.

Lakini kama kila kitu kina ukungu, hata saa, shida yako ni tofauti. Ingia Settings, kisha System, kisha Display, na utafute Display resolution. Chagua ile iliyoandikwa (Recommended) kando yake. Skrini ina idadi yake ya vidoti, yaani pikseli, ambayo ilitengenezwa nayo, na ukiilazimisha ionyeshe idadi nyingine, kila kitu kitalainika kama ugali uliokosa unga. Tatua hiyo kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukitaka ushahidi zaidi, kuna njia ambayo wasee wengi hawaijui. Fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha nenda sehemu ya Details. Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi juu ya vichwa vya safu, kama pale pameandikwa Name, chagua Select columns, halafu weka tiki kwa DPI Awareness. Safu mpya itatokea. Programu iliyoandikwa Unaware ni ile isiyojua kabisa kwamba skrini za siku hizi zimebadilika. Iliyoandikwa System inajua nusu nusu. Iliyoandikwa Per-Monitor inajua vizuri na haifai kukusumbua. Safu hii iko kwenye Windows 11, na pia kwenye Windows 10 kuanzia toleo la 1809.

Ukungu unatoka wapi?

Programu za kitambo ziliandikwa wakati ambapo kila mtu alichukulia kwamba inchi moja ya skrini ina pikseli 96. Hapo ndipo ile DPI inatoka: idadi ya vidoti kwa inchi. Kwa Windows, 96 ndiyo 100%.

Na haikuwa uongo wakati huo. Chukua laptopu ya inchi 15.6 yenye pikseli 1366 kwa 768, ile iliyojaa maofisini miaka hiyo. Ukipiga hesabu unapata pikseli karibu 100 kwa kila inchi. Sasa chukua laptopu ya inchi 14 yenye pikseli 2560 kwa 1440, aina unayoweza kupata hata ya mtumba kutoka majuu. Hiyo ina karibu 210 kwa inchi. Pikseli zimekuwa ndogo zaidi ya nusu. Dirisha la pikseli 800 kwa upana, ambalo kwa ile skrini ya zamani lilikuwa karibu sentimita 20, kwa skrini mpya lingekuwa chini ya sentimita 10. Ungesoma na darubini.

Windows inajua hiyo haiwezekani, kwa hivyo inakuza kila kitu. Ndiyo maana ukiangalia Scale kwenye ukurasa ule wa Display unapata 150% ama 200%. Programu za kisasa zinaambiwa "kuza vitu vyako", nazo zinachora herufi upya zikiwa kubwa na safi. Programu ya kitambo haielewi lugha hiyo. Basi Windows inaidanganya. Inaiambia skrini ni ya 96 DPI kama zamani, programu inachora dirisha lake dogo kando, halafu Windows inachukua picha ya hilo dirisha na kuivuta mpaka ikue. Ujanja huu ulianza na Windows Vista na bado unatumika.

Ni kama kupeleka kitambulisho saiba kikuzwe kwa mashine ya fotokopi. Jina lako litakuwa kubwa, lakini halitakuwa safi zaidi ya lile lililo kwa kadi. Mashine haiwezi kuongeza kitu ambacho hakikuwepo.

Na 150% huwa noma zaidi. Mguu wa herufi "l" kwenye programu ya zamani una upana wa pikseli moja. Ukiukuza kwa 150% unatakiwa uwe pikseli moja na nusu, na hakuna kitu kinaitwa nusu pikseli. Windows inaweka pikseli moja nyeusi na kando yake nyingine ya kijivu. Hiyo kijivu ikizunguka kila herufi ndiyo ukungu unaouona.

Njia ya kufika kwenye mpangilio wenyewe

Funga programu kwanza, kabisa. Kisha fuata hatua hizi:

1. Tafuta faili halisi ya programu, ile inayoishia na `.exe`. Kama una njia ya mkato tu kwenye desktopu, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha bonyeza Open File Location. Windows itakupeleka kwenye folda yenyewe.
2. Bofya hiyo faili ya `.exe` kwa kitufe cha kulia, chagua Properties.
3. Nenda kwenye kichupo cha Compatibility.
4. Bonyeza Change high DPI settings. Kidirisha kingine kitafunguka.
5. Chini kabisa, weka tiki kwa Override high DPI scaling behavior.
6. Hapo chini kuna orodha ndogo imeandikwa Scaling performed by. Chagua moja kati ya tatu: Application, System ama System (Enhanced).
7. Bonyeza OK, kisha OK tena, halafu washa programu upya.

Hatua ya sita ndiyo watu wengi hukosea, kwa sababu majina hayo matatu hayajielezi. Tuyachambue moja moja.

Application: "Windows, toa mkono"

Ukichagua hii unaiambia Windows iache kudanganya na iache kuvuta. Programu inaambiwa ukweli kuhusu skrini, na lolote itakalochora litaonyeshwa pikseli kwa pikseli. Matokeo ni kwamba ukungu unaisha mara moja, asilimia mia.

Bei yake ni kwamba programu sasa imeachiwa kazi ambayo pengine haiwezi. Ikiwa haijui kujikuza, itatokea ndogo ajabu. Ikiwa inajua nusu, utapata vituko: herufi zimekua lakini visanduku vyao havijakua, kwa hivyo maneno yanakatwa. Inafaa sana kwa programu zenye picha kubwa ama gemu zinazojaza skrini yote, na kwa skrini ambayo haijakuzwa sana, kama 125%, ambapo udogo bado unavumilika.

Kama uko kwenye Windows 7 ama 8.1, hutaona orodha ya vitu vitatu. Utapata tiki moja tu imeandikwa Disable display scaling on high DPI settings. Hiyo ni Application kwa jina lingine.

System: ile inayochanganya watu

Hii inaiambia Windows: "Idanganye programu kwamba skrini ni ya 96 DPI, kisha uivute." Ngoja kidogo. Si hivyo ndivyo ilikuwa inafanya tangu mwanzo? Ndiyo. Kwa programu ambayo Task Manager imeiita Unaware, kuchagua System hakubadilishi kitu. Watu wengi wanachagua hii, wanaona ukungu uko pale pale, wanasema mpangilio wote ni bure.

System ina kazi yake, lakini ni ya ugonjwa kinyume. Kuna programu zinazojitangaza kwamba zinajua skrini za kisasa na kumbe hazijui. Windows inaziamini, inaziacha, nazo zinatokea na vitufe vidogo kama chembe za mtama. Adobe Photoshop CS6 ya 2012 inajulikana kwa hiyo tabia kwenye skrini za 4K, na programu nyingi za kitambo zilizoandikwa kwa Java pia. Hapo ndipo System inasaidia: inakataa lile tangazo na kuvuta dirisha kwa nguvu. Utapata vitu vikubwa vyenye ukungu kidogo badala ya vitu safi usivyoweza kuviona. Chagua shida unayoimudu.

System (Enhanced): ya katikati, na mara nyingi ndiyo dawa

Hii ilikuja na Windows 10 toleo la 1703, mwaka 2017. Kama hujui una toleo gani, andika `winver` kwenye kisanduku cha kutafuta na ubonyeze Enter.

Ujanja wake ni huu. Programu za kitambo nyingi hazichori herufi zenyewe. Zinaiagiza Windows kupitia mfumo unaoitwa GDI: "Andikia hapa neno Jumla, kwa fonti hii, saizi hii." Enhanced inaidaka ile oda kabla herufi haijachorwa, inaikuza, ndipo inachora. Kwa hivyo herufi inachorwa ikiwa kubwa tangu mwanzo badala ya kuchorwa ndogo kisha kuvutwa. Programu yenyewe haijui lolote limetokea. Bado inaamini iko kwenye 96 DPI, kwa hivyo visanduku na vitufe vyake vinabaki kwa mpangilio wake.

Turudi kwa ule mfano wa saiba. Badala ya kukuza fotokopi ya kitambulisho, umempa karani maneno yenyewe akayachapa upya kwa fonti kubwa.

Mipaka yake pia ni wazi. Picha ndogo ndogo, kama nembo na alama za vitufe, bado ni picha, kwa hivyo zinavutwa na zinabaki na ukungu. Programu isiyotumia GDI, kwa mfano inayochora kwa DirectX kama magemu mengi, haitafaidika. Na programu chache zenye mitindo yao ya kuchora zinaweza kupata hitilafu: sehemu inameta meta, mstari unapotea, ama maandishi yanajirudia ukisogeza orodha. Ukiona hayo, rudi ukatoe tiki. Hakuna kitu kimeharibika.

Mfano kamili: programu ya duka la hadiweya

Tuchukue programu moja ya kubuni tuifuate mpaka mwisho. Iko `C:\Stoki\Stoki.exe`. Iliandikwa enzi za XP, dirisha lake ni pikseli 800 kwa 600, na aliyeiandika hapatikani tena kwa simu. Laptopu ni ile ya inchi 14 yenye 2560 kwa 1440, na Scale iko 150%.

Kabla ya kugusa chochote, Task Manager inasema Unaware. Windows inaiambia skrini ina pikseli karibu 1707 kwa 960, yaani kipimo halisi kikigawanywa kwa moja na nusu. Programu inachora dirisha lake la 800 kwa 600, na Windows inalivuta mpaka 1200 kwa 900. Saizi ni nzuri machoni, lakini ukungu tele.

Jaribio la kwanza ni Application. Dirisha linafunguka likiwa safi kama wembe lakini dogo, upana chini ya sentimita 10. Herufi zimekua kwa sababu programu iliuliza DPI ikaambiwa ukweli. Safu zenyewe hazijakua kwa sababu mwandishi alizipima kwa pikseli. Safu ya bei ina upana wa pikseli 70, na bei ya 12,450 sasa inaonekana kama 12,4. Hapa kuwa makini sana. Hii ni mbaya kuliko ukungu, kwa sababu ukungu unakufanya ukodoe macho na kuuliza mara mbili, lakini nambari safi iliyokatwa inakudanganya bila wewe kushuku. Kwa programu yoyote ya pesa, ukiona herufi zinagusa ukingo wa kisanduku, achana na Application.

Jaribio la pili ni System. Ukungu ule ule. Sasa unajua kwa nini.

Jaribio la tatu ni System (Enhanced). Dirisha linarudi kwa saizi ya 1200 kwa 900, safu zote ziko sawa, na maandishi yamekatika vizuri. 3 ni 3 na 8 ni 8. Nembo ya duka pale juu bado ina ukungu, na vitufe vya kuhifadhi na kuchapisha vina alama zilizolainika kidogo. Hiyo inavumilika, hakuna mteja anayelipishwa kwa nembo.

Hatua ya mwisho ambayo wengi wanaruka: fungua kila sehemu ya programu, si ukurasa wa kwanza tu. Fungua ankara, ripoti ya mwezi, kile kidirisha cha kutafuta mteja. Kisha chapisha risiti moja ya majaribio uilinganishe na ya zamani. Printa ina DPI yake na kwa kawaida haiguswi na mabadiliko haya, lakini programu za kitambo zina mambo yao, na ni heri ugundue na risiti moja kuliko na mstari wa wateja.

Ukungu unaokuja ukichomeka monita ya nje

Kuna hii drama nyingine. Programu iko safi kwenye laptopu, unachomeka monita kubwa ya kawaida, unaivuta dirisha kule, na ghafla ukungu. Ukilirudisha kwenye laptopu, liko safi tena.

Hiyo ni programu ambayo Task Manager inaiita System. Inauliza DPI mara moja tu, na jibu inalopewa ni lile la skrini kuu wakati ulipoingia kwenye Windows. Laptopu ikiwa 150%, inachora kwa 150% siku nzima. Ukiipeleka kwenye monita ya 100%, Windows inalazimika kuipunguza kama picha, na kupunguza pia huleta ukungu.

Dawa rahisi zaidi: kama unafanyia kazi kwenye monita siku nzima, ifanye iwe skrini kuu kwenye ukurasa wa Display, kisha utoke kwenye akaunti yako ya Windows na kuingia tena. Kama unabadilisha mara kwa mara, rudi kwenye kile kidirisha cha Change high DPI settings. Sehemu ya juu kuna Program DPI. Weka tiki hapo, halafu kwenye orodha yake chagua I open this program badala ya I signed in to Windows. Sasa programu itatumia DPI ya skrini kuu ya wakati ulipoifungua, kwa hivyo kuifunga na kuifungua tena kunatosha, huhitaji kutoka kwenye akaunti.

Umeweka tiki na hakuna kitu kimebadilika?

Sababu ya kawaida zaidi ni kwamba programu haikufungwa kweli. Programu nyingine zinajificha kando ya saa hata ukibonyeza X. Mpangilio huu unasomwa programu inapowashwa tu, kwa hivyo imalize kupitia Task Manager kisha uwashe upya.

Ya pili ni kwamba umebadilisha faili ambayo siyo. Programu kadhaa zina faili ndogo ya kuwashia ambayo inaita faili nyingine kubwa halafu inajiondokea. Ukiweka tiki kwa ile ndogo, umempaka dawa mtu asiye mgonjwa. Washa programu, nenda Task Manager kwenye Details, itafute, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague Open file location. Faili utakayopelekwa ndiyo yenyewe. Kwa programu za Java mara nyingi utakuta ni `javaw.exe`, na hapo ujue ukiibadilisha unabadilisha programu zote zinazotumia Java hiyo.

Ya tatu ni mahali faili inapokaa. Windows inakumbuka mpangilio huu kwa anwani kamili ya faili. Ukihamisha folda kutoka `C:\Stoki` kwenda diski ya D, ama apdeti ikiweka toleo jipya kwenye folda yenye jina jingine, mpangilio unabaki kule kwa anwani ya zamani. Rudia tu hatua zile zile. Na kama programu iko kwenye kompyuta nyingine na nyinyi mnaifungua kupitia mtandao wa ofisi, Windows inaweza kukataa kabisa kuweka mipangilio hii. Hapo itabidi faili ya `.exe` ikae kwenye diski ya mashine unayotumia, kama programu inaruhusu.

Ya nne: programu za Microsoft Store hazina kichupo cha Compatibility. Usikitafute, hakipo.

Kama una mashine nyingi

Ukiwa na kompyuta kumi dukani, kubofya kila moja ni kazi ya kuchosha. Zile tiki zinaandika mstari mmoja tu kwenye rejista ya Windows, na unaweza kuuandika mwenyewe kupitia Command Prompt. Hii hapa inaweka System (Enhanced) kwa ile programu yetu:

```
reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\AppCompatFlags\Layers" /v "C:\Stoki\Stoki.exe" /t REG_SZ /d "~ GDIDPISCALING DPIUNAWARE" /f
```

Badilisha anwani ya faili iwe ya programu yako. Ukitaka Application, maneno ya mwisho yawe `"~ HIGHDPIAWARE"`. Ukitaka System, yawe `"~ DPIUNAWARE"`. Na ukitaka kufuta kila kitu urudi ulikotoka:

```
reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\AppCompatFlags\Layers" /v "C:\Stoki\Stoki.exe" /f
```

Mambo mawili ya kuangalia. Amri ya kwanza inafuta mpangilio mwingine wowote wa Compatibility uliokuwa umewekewa faili hiyo, kama vile kuiendesha kwa mtindo wa Windows XP. Kama ulikuwa nao, tumia kidirisha badala ya amri. Pili, hiyo `HKCU` inamaanisha akaunti ya aliyeingia peke yake. Kama karani wa asubuhi na wa jioni wana akaunti tofauti, kila mmoja anahitaji yake, ama ubonyeze Change settings for all users kwenye kichupo cha Compatibility ukiwa na nenosiri la msimamizi.

Kwa ufupi, ukirudi hapa siku nyingine

Programu ina ukungu na imejaa maandishi: anza na System (Enhanced).

Programu ina ukungu na ni gemu ama ya picha: jaribu Application.

Programu ni ndogo kupindukia lakini safi: jaribu System (Enhanced) kwanza, ikisumbua weka System.

Programu inapata ukungu ukihamia monita nyingine: Program DPI, chagua I open this program.

Nambari zinakatwa ukingoni baada ya kubadilisha: toa tiki sasa hivi, kabla hujauzia mtu mabati ya 12,450 kwa bei ya 12,4.